Pembetatu mraba na michoro ya beringi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuchagua sin, cos au tan

Maswali yaliyo hapa ni yale yanayorudi kila mara mtu anapofika kwenye mchoro wenye herufi na namba, akajua kabisa kwamba atatumia trigonometria, lakini asijue aanze na uwiano upi. Karibu yote yanatokana na jambo moja: pembe iliyopewa na pande zilizopewa hazijahusishwa sawasawa kabla ya kubonyeza kikokotoo. Mfano mmoja wa meli na mnara wa taa utatufuata karibu kurasa zote, kwa hiyo ni vizuri kuusoma kwenye swali la 1 hata kama umekuja kwa ajili ya swali la mbele.

## Majina ya pande

1. Haipotenusi, mkabala na jirani ni pande zipi hasa?

Chukua mchoro huu na uuchore mwenyewe kwenye karatasi. Meli iko A. Inakwenda mashariki moja kwa moja kilomita 5 hadi B. Mnara wa taa, L, uko kaskazini kabisa ya B. Ukiunganisha A, B na L unapata pembetatu yenye pembe mraba pale B.

Haipotenusi ni upande unaoitazama pembe mraba. Hapa ni AL. Huo hauna ubishi: utabaki kuwa haipotenusi hata ukihama kona, na daima ndio mrefu kuliko wenzake.

Majina mengine mawili hayajakaa kwenye upande wenyewe. Yanategemea umesimama kwenye kona gani. Jiweke A, uitazame pembetatu kwa ndani. Upande ulio mbele yako, ambao haukugusi, ni BL. Huo ndio mkabala. Upande unaokugusa na ambao si haipotenusi ni AB. Huo ndio jirani. Sasa hamia L. Upande ulio mbele yako umekuwa AB, na unaokugusa ni BL. Majina yamebadilishana, ingawa hakuna mstari hata mmoja uliosogea.

Ndiyo maana sentensi kama "BL ni mkabala" haijakamilika. Sema "BL ni mkabala wa pembe A". Ninawasisitizia wanafunzi waandike herufi M, J na H juu ya pande baada tu ya kuzungushia duara pembe wanayoitumia. Anayeziandika kabla ya kuchagua pembe huwa anabahatisha, na nusu ya wakati hubahatisha vibaya.

2. Kila upande unaoigusa pembe si jirani? Mbona pande mbili zinaigusa?

Ni kweli, kila pembe imeshikwa na pande mbili. Pale A, pande hizo ni AB na AL. Lakini AL tayari ina jina lake, haipotenusi, na haichukui jina la pili. Kwa hiyo utaratibu salama ni kuweka H kwanza, kisha M, halafu upande uliobaki unakuwa J bila mjadala.

3. Mchoro umelala upande, au umepinduliwa. Nitautambuaje?

Sahau chini, juu, wima na mlalo. Tafuta kialama kidogo cha mraba kwenye kona, vuka hadi upande wa pili, na hapo ndipo ilipo haipotenusi. Kama kialama hakipo, usidhani pembe ni mraba kwa sababu tu inaonekana hivyo. Tafuta ushahidi kwenye maneno ya swali, kwa mfano "kaskazini kabisa ya" na "mashariki kabisa ya", au kokotoa kama tunavyofanya kwenye swali la 12.

## Kuchagua uwiano

4. Nitajuaje kama ni saini, kosaini au tanjenti?

Uwiano huchaguliwa na pande mbili: ule unaoujua na ule unaoutafuta. Upande wa tatu, ambao haujapewa wala hauulizwi, uweke kando kana kwamba haupo. Pande mbili zinazobaki ndizo zinazokuambia jina la uwiano.

```
sin = mkabala / haipotenusi
cos = jirani / haipotenusi
tan = mkabala / jirani
```

Tuseme kwenye mchoro wetu pembe LAB, yaani pembe ya ndani pale A, ni nyuzi 52, na tunataka umbali BL. Tunachojua ni AB, kilomita 5, ambacho ni jirani ya pembe A. Tunachotafuta ni BL, mkabala wake. Haipotenusi haijatajwa popote. Mkabala na jirani zikikutana, ni tanjenti:

```
tan 52° = BL / 5
BL = 5 × tan 52° = 6.40
```

Kama swali lingetaka umbali wa meli hadi mnara, AL, tungekuwa na jirani na haipotenusi, na hapo ni kosaini. Pembe ni ileile na namba 5 ni ileile. Kilichobadilika ni upande unaoulizwa tu. Watu hudhani pembe ndiyo inayochagua uwiano, lakini pembe kazi yake ni kugawa majina.

5. Nikisimama kwenye pembe nyingine, si nitapata jibu tofauti?

Hapana, ukiwa mwaminifu kwa majina mapya. Pembe mbili kali za pembetatu mraba zinajumlisha nyuzi 90, kwa hiyo pembe pale L ni nyuzi 38. Kutoka L, upande AB umekuwa mkabala na BL imekuwa jirani:

```
tan 38° = 5 / BL
BL = 5 / tan 38° = 6.40
```

Ni kilomita zilezile. Hii pia ndiyo sababu sin 38° na cos 52° zinatoa namba moja: upande ulio mkabala wa pembe moja ni jirani ya mwenzake. Kosa hutokea pale mtu anapochukua pembe ya L na kuacha majina ya A. Chagua kona moja, ukae hapohapo mpaka umalize.

Kama una uhuru wa kuchagua, simama kwenye kona ambayo upande unaoutafuta unakaa juu ya mstari wa sehemu. Kuzidisha hukosewa mara chache kuliko kugawanya.

6. Kinachotafutwa kimekaa chini ya mstari. Nifanyeje?

Zidisha kwanza pande zote mbili za mlinganyo kwa kisichojulikana, halafu gawanya. Kutafuta AL kutoka A:

```
cos 52° = 5 / AL
AL × cos 52° = 5
AL = 5 / cos 52° = 8.12
```

Anayeandika 5 × cos 52° anapata 3.08, na hapo mchoro wenyewe unamkataa: haipotenusi haiwezi kuwa fupi kuliko upande wa kilomita 5. Ukaguzi huu hauhitaji hesabu yoyote, na ungeokoa alama nyingi sana kama ungefanywa kila mara.

7. Nikipewa pande mbili na kuulizwa pembe?

Utaratibu wa kuchagua ni uleule, ila safari hii pande zote mbili unazijua. Ukijua kwamba AB ni 5 na AL ni 8.12, kutoka A hizo ni jirani na haipotenusi, kwa hiyo cos A = 5 / 8.12. Kupata pembe yenyewe bonyeza cos⁻¹ ya jibu hilo.

Kialama kidogo cha ⁻¹ hapo hakimaanishi "moja gawanya kwa". Kinauliza: pembe gani ina kosaini hii? Na kama kikokotoo kinakataa kabisa kutoa jibu la sin⁻¹ au cos⁻¹, karibu daima umegeuza sehemu, haipotenusi ikawa juu, na uwiano ukazidi 1. Hakuna pembe yenye saini au kosaini inayozidi 1. Tanjenti haikupi onyo hilo, kwa sababu inaruhusiwa kuwa kubwa kiasi chochote. Kwa hiyo ukigeuza sehemu ya tanjenti utapata pembe nyingine ya pembetatu bila kelele yoyote.

8. Lini nitumie kanuni ya Pithagorasi badala ya hizi?

Pale ambapo pande tatu tu ndizo zinazohusika, mbili umezipewa, na hakuna pembe kali iliyotajwa wala kuulizwa.

## Beringi

9. Beringi ni nini, na kwa nini inaandikwa kwa tarakimu tatu?

Ni pembe inayopimwa kutoka kaskazini, kwa kuzunguka kama mishale ya saa inavyozunguka, hadi mwelekeo unaotaka. Mashariki ni 090°, kusini 180°, magharibi 270°. Tarakimu tatu zinamwambia msomaji kwamba namba hiyo imeanzia kaskazini na haina tafsiri nyingine. Ukiona 052° unajua pa kuanzia; ukiona nyuzi 52 tu, inaweza kuwa pembe yoyote ndani ya mchoro.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha swali linalofuata.

10. Beringi niliyopewa ndiyo pembe ninayoiweka kwenye sin, cos au tan?

Mara nyingine ndiyo, mara nyingi siyo. Hapa ndipo hesabu za beringi zinapoharibikia, na wanaoharibu si wale wasiojua uwiano. Ni wale wanaoujua vizuri na kuupa pembe isiyo ya pembetatu yao.

Turudi kwenye meli. Swali kwa kawaida halisemi pembe LAB ni nyuzi 52. Linasema: kutoka A, mnara unaonekana kwa beringi 038°. Meli inakwenda mashariki kilomita 5 hadi B, na hapo mnara uko kaskazini kabisa. Tafuta umbali wa B hadi mnara.

Mwanafunzi anachora, anaona 38 imeandikwa karibu na A, anaona mkabala na jirani, anaandika 5 × tan 38° na kupata 3.91. Kila hatua inaonekana nzuri. Lakini nyuzi 38 ziko kati ya mstari wa kaskazini wa A na mstari AL. Mstari wa kaskazini wa A si upande wa pembetatu ABL. Pembe hiyo iko nje ya pembetatu, imeegemea ubavu wake tu. Pembe iliyo ndani, kati ya AB na AL, ni ile iliyobaki hadi kufika mashariki: 90 toa 38, yaani nyuzi 52. Na jibu ni lile la swali la 4, kilomita 6.40.

Kuna njia ya kugundua kosa hili bila kurudia hesabu. Beringi 038° iko karibu na kaskazini kuliko mashariki, kwa sababu katikati yao ni 045°. Kwa hiyo mnara lazima uwe mbali zaidi kwenda kaskazini kuliko kwenda mashariki. Mashariki ni kilomita 5. Jibu la kaskazini lililo chini ya 5 haliwezekani. Jibu la 3.91 limeshindwa hapo hapo, 6.40 limepita.

Ukitaka kutumia nyuzi 38 zenyewe, zihamishe ndani kwa uhalali. Mstari wa kaskazini wa A na mstari BL ni sambamba, na AL inavikata vyote viwili, kwa hiyo pembe ya A kati ya kaskazini na AL ni sawa na pembe pale L, kama zilivyo pembe mbili za herufi Z. Sasa nyuzi 38 ziko ndani, lakini ziko L, na unatumia majina ya L kama kwenye swali la 5.

Kipimo changu ni rahisi: weka kidole kwenye pembe uliyoichagua. Je, mikono yake yote miwili ni pande za pembetatu? Kama mmoja ni mstari wa kaskazini ulioning'inia tu, bado hujapata pembe yako.

11. Niliambiwa "mashariki ni sin, kaskazini ni cos". Ni kweli?

Ni kweli kwa sharti moja: pembe iwe imepimwa kutoka kwenye mstari wa kaskazini au kusini. Hapo mstari wa kaskazini–kusini unaigusa pembe, unakuwa jirani, unachukua kosaini; upande wa mashariki au magharibi uko mbele, unakuwa mkabala, unachukua saini.

Chukua safari ya kilomita 8 kwa beringi 145°. Mwelekeo huo umepita mashariki, haujafika kusini. Kutoka kusini kurudi kwenye mstari wa safari ni 180 toa 145, nyuzi 35. Kwa pembe hiyo, umbali wa kwenda kusini ni 8 × cos 35°, yaani 6.55, na wa mashariki ni 8 × sin 35°, yaani 4.59. Kanuni imefanya kazi.

Lakini mwenzako akipima kutoka mashariki, atasema 145 toa 90, nyuzi 55, na yuko sahihi pia. Kwake jirani ni mstari wa mashariki, kwa hiyo mashariki ni 8 × cos 55°, bado 4.59. Kwake "mashariki ni sin" ni uongo. Anayeshika kaulimbiu na kuweka sin 55° atabadilisha mashariki na kusini bila kujua. Mimi ningeiacha kaulimbiu kabisa mpaka mtu aweze kuandika M, J na H kwa macho yake.

12. Safari ina hatua mbili. Pembetatu mraba iko wapi?

Tuifanye moja kamili. Boti inatoka P na kwenda kilomita 12 kwa beringi 060° hadi Q. Hapo inageuka na kwenda kilomita 9 kwa beringi 150° hadi R. Tafuta umbali wa P hadi R, na beringi ya R kutoka P.

Chora mstari wa kaskazini pale P, kisha PQ kwa nyuzi 60. Chora mstari mwingine wa kaskazini pale Q. Huu wa pili ndio unaosahaulika, na bila huo beringi 150° haina pa kuanzia. Chora QR.

Swali la kwanza ni pembe ya Q. Ukisimama Q na kutazama ulikotoka, beringi ya P ni 060 jumlisha 180, yaani 240°. Ukitazama unakokwenda, beringi ya R ni 150°. Tofauti yake ni nyuzi 90. Kwa hiyo pembe PQR ni mraba. Hatujaidhania kutokana na mchoro, tumeikokotoa.

Sasa haipotenusi inaitazama Q: ni PR. Pande 12 na 9 zinajulikana, kwa hiyo Pithagorasi inatosha kwa umbali: 144 jumlisha 81 ni 225, na kipeuo chake cha pili ni 15. PR ni kilomita 15.

Kwa beringi tunahitaji pembe pale P, kati ya PQ na PR. Simama P. Mkabala ni QR, 9. Jirani ni PQ, 12. Haipotenusi tunayo pia, lakini 9 na 12 ndizo tulizopewa na hazijapita kwenye mkono wa mtu, kwa hiyo tumia tanjenti:

```
tan P = 9 / 12 = 0.75
P = 36.9°
```

Je, beringi ya R ni 037°? Hapana. Nyuzi 36.9 zimepimwa kutoka PQ, na PQ yenyewe iko nyuzi 60 kutoka kaskazini. Beringi ni 60 jumlisha 36.9, yaani 096.9°, karibu 097°. Angalia mchoro: R inapaswa kuwa mashariki ya P, chini kidogo. Inakubali.

Nilipenda mfano huu kwa sababu pande za pembetatu haziko kwenye kaskazini wala mashariki. Imelala kwa mshazari, na anayetegemea "mashariki ni sin" hana pa kushika, wakati anayetaja mkabala na jirani haoni tofauti yoyote.

13. "Beringi ya R kutoka P" na "beringi ya P kutoka R" ni kitu kimoja?

Hapana. Neno linalofuata "kutoka" ndilo mahali unaposimama na ndipo mstari wa kaskazini unapochorwa. Beringi ya kurudi hutofautiana na ya kwenda kwa nyuzi 180: jumlisha 180 kama ya kwenda iko chini ya 180°, toa 180 kama ni 180° au zaidi. Kwa boti yetu, P kutoka R ni 277°.

14. Nimepata pembe kwa tan⁻¹. Nitairudishaje kuwa beringi?

Kikokotoo kitakupa pembe kali tu. Hakijui boti ilikwenda upande gani. Mchoro ndio unaojua. Kama pembe uliyoipata imepimwa kutoka mstari wa kaskazini au kusini, iandike hivi: kaskazini-mashariki ni pembe yenyewe, kusini-mashariki ni 180 toa pembe, kusini-magharibi ni 180 jumlisha pembe, na kaskazini-magharibi ni 360 toa pembe. Kama umeipima kutoka mashariki au magharibi, usitumie orodha hiyo. Hesabu kuanzia 090° au 270°.

## Pale mambo yanapokuwa magumu kidogo

15. Nimekokotoa pembe ya Q na si nyuzi 90. Je, trigonometria hii imekufa?

Haijafa, ila huwezi kuitumia juu ya pembetatu hiyo moja kwa moja. Badilisha hatua ya pili ya swali la 12 iwe beringi 130°. Pembe ya Q inakuwa 240 toa 130, nyuzi 110. Ukilazimisha Pithagorasi utapata tena 15, jambo ambalo lenyewe linatia shaka: boti imegeuka kidogo kuliko mwanzo, inapaswa kufika mbali zaidi.

Njia ninayoipenda ni kuipa kila hatua pembetatu mraba yake, kwa mistari ya kaskazini na mashariki. Hatua ya kwanza: kaskazini 12 × cos 60°, yaani 6; mashariki 12 × sin 60°, yaani 10.39. Hatua ya pili iko nyuzi 50 kutoka kusini: kusini 9 × cos 50°, yaani 5.79, mashariki 9 × sin 50°, yaani 6.89. Jumla ni mashariki 17.28 na kaskazini 0.21. Sasa kuna pembetatu mraba moja kubwa, na umbali ni karibu kilomita 17.3, kwa beringi karibu 089°. Kanuni ya kosaini inatoa umbali huohuo kwa mstari mmoja, kwa aliyekwisha kujifunza.

16. Kikokotoo kinanipa namba za ajabu ingawa uwiano ni sahihi.

Bonyeza sin 30. Ikitoka 0.5, kiko kwenye nyuzi na kosa liko kwako. Ikitoka −0.988, kiko kwenye rediani, yaani kipimo kingine cha pembe, alama yake `RAD`. Ikitoka 0.454, kiko kwenye `GRAD`. Kirudishe kwenye `DEG`.

17. Uwiano miwili yote inafaa. Kuna mmoja ulio bora?

Kwa namba kamili za vitabuni, hakuna. Kwa vipimo halisi, upo. Saini ya pembe iliyo karibu na nyuzi 90 hubadilika polepole sana. Ukipima mkabala ukapata 99 na haipotenusi 100, sin⁻¹ inakupa nyuzi 81.9. Kosea nusu tu kwenye mkabala, iwe 99.5, na pembe inaruka hadi 84.3. Kosa dogo la kupima limezaa zaidi ya nyuzi mbili. Kosaini ina udhaifu huohuo kwa pembe zilizo karibu na sifuri. Ukiweza kupima upande mfupi, pima huo na utumie tanjenti.

Na kwa sababu hiyohiyo, anza na namba ulizopewa kila unapoweza, na uache kukadiria mpaka mstari wa mwisho.

18. Je, beringi za hesabu ni sawa na zinazosomwa kwenye dira halisi?

Si sawa kabisa. Sindano ya dira huelekea kaskazini ya sumaku, ambayo hutofautiana na kaskazini ya kweli kwa kiasi kinachobadilika kutoka mahali hadi mahali na mwaka hadi mwaka. Ramani za baharini huandika tofauti hiyo, na nahodha huijumlisha au kuitoa kabla ya kuchora chochote.

Pia tumekuwa tukichukulia mistari yote ya kaskazini kuwa sambamba. Juu ya dunia ya mviringo mistari hiyo hukutana kwenye ncha, kwa hiyo herufi Z ya swali la 10 na nyuzi 180 za swali la 13 ni makadirio. Kwa kilomita 5 au 15, katika sehemu zilizo mbali na ncha, kosa hilo ni dogo kuliko unene wa penseli yako. Kwa safari ya kuvuka bahari pembetatu yenyewe inapinda, pembe zake tatu zinazidi nyuzi 180, na zinahitajika kanuni za pembetatu za juu ya tufe.